Shabu, kostiki na mashapo yanayoyeyuka tena

Shabu ni yale mawe meupe ya duka la dawa za asili ambayo kinyozi hupaka kidevuni baada ya wembe, na ambayo watu hukoroga kwenye ndoo ya maji ya mto ili tope litue chini. Ndani yake mna alumini, na alumini hiyo ina tabia ambayo mwanafunzi yeyote wa kidato cha nne ameiona maabara, ingawa wengi huikariri bila kuelezwa sababu. Ukiitonea besi kali hutoa mashapo meupe. Ukiendelea kutonea besi ileile, mashapo hayo huyeyuka na maji hung'aa tena.

Tulifuate jaribio hilo tone kwa tone, maana siri yake yote imo katika hesabu ya matone. Yeyusha gramu 4.7 za shabu katika maji hadi upate sentimita za ujazo 100. Huo ni myeyusho wa takriban molari 0.1. Chukua sentimita za ujazo 2 tu uzitie katika testityubu. Pembeni uwe na myeyusho wa sodiamu haidroksaidi, yaani kostiki ya watengeneza sabuni, wenye nguvu ya molari 2: gramu 8 katika sentimita za ujazo 100. Kostiki hutiwa ndani ya maji, si maji juu ya kostiki, kwa sababu huchemka na kuruka. Macho yafunikwe kwa miwani, kwa kuwa tone moja la nguvu hii linatosha kuharibu jicho.

Tone la kwanza likiingia, wingu jeupe hutokea. Kwa matone 20 katika sentimita ya ujazo moja, matone 6 hivi yanatosha kushusha alumini yote. Sasa testityubu ina kitu kizito, cheupe, kinachotikisika kama uji wa wanga uliopoa. Hiyo ni alumini haidroksaidi, Al(OH)₃. Ongeza matone mengine 2, ukitikisa kila mara, nao uji unaanza kupungua. Kufikia tone la kumi au la kumi na mbili, testityubu inakuwa safi kama ulivyoianza.

Kilichotokea kinaanzia kwenye ukubwa wa ioni ya alumini. Ni ndogo sana, na ina chaji tatu chanya. Katika maji haikai peke yake: molekuli sita za maji huizunguka zikiwa zimeigeuzia upande wa oksijeni. Chaji zile tatu huvuta elektroni za maji hayo kwa nguvu, hata haidrojeni zake zinalegea na kuwa rahisi kung'olewa. Kila ioni ya haidroksaidi, OH⁻, inayoingia kutoka kwenye kostiki inang'oa haidrojeni moja, na molekuli moja ya maji iliyoshikamana na alumini inabaki kuwa OH. Chaji ya kundi zima inashuka kutoka tatu hadi mbili, kisha moja, kisha sufuri.

Sufuri ndiyo mahali pa hatari. Kundi lenye chaji hupendwa na maji, tena husukumana na wenzake wenye chaji kama yake. Kundi lisilo na chaji halina cha kulizuia lisishikane na jirani. OH moja hushika alumini mbili kwa pamoja, nyuzi zinajengeka, na mashapo yanaonekana. Ndiyo maana tope la mto hutua kwa shabu: maji ya kawaida yana ualikali kidogo unaotosha kuifikisha alumini kwenye sufuri, na nyuzi zile zikijengeka hunasa chembe za udongo na kushuka nazo. Kwenye mitambo ya maji wahudumu huchunga pH ikae karibu na 6 hadi 7, kwa kuwa hapo ndipo alumini huyeyuka kidogo kuliko mahali pengine popote. Wakizidisha chokaa, alumini hurudi majini na kupita kwenye vichujio pamoja na maji ya kunywa.

Inarudije? Haidroksaidi ya nne inashikamana na alumini, na kundi sasa lina chaji moja hasi: [Al(OH)₄]⁻. Wataalamu huiita ioni changamano, kwa maana ya chuma kilicho katikati na vikundi vilivyokishika pande zote. Kwa kuwa kundi limepata chaji tena, linasukumana na wenzake, maji yanalizunguka upya, na nyuzi za mashapo zinavunjika moja baada ya nyingine. Alumini imevuka kutoka chaji chanya hadi chaji hasi, na mashapo yalikuwa kivuko tu katikati ya njia. Tonea asidi kidogo kidogo katika ule myeyusho uliong'aa, nawe utaiona safari yote ikirudi nyuma: mashapo hutokea tena, na ukizidisha asidi huyeyuka tena kwa upande wa pili. Haidroksaidi inayoyeyuka katika asidi na katika besi kali namna hii huitwa amfoteri.

Zinki hufanya vilevile, ila inaanza na chaji mbili, hivyo hufikia sufuri kwa haidroksaidi mbili na kuyeyuka ikishafika nne: [Zn(OH)₄]²⁻. Katika testityubu inadai kostiki nyingi zaidi kuliko hesabu ya kalamu inavyosema. Ioni yake haiishiki OH kwa nguvu kama alumini, na ili nne zikae, lazima maji yanayoizunguka yajae OH za ziada. Kwa kiasi kilekile cha sentimita za ujazo 2, matone manne hushusha mashapo yote, lakini kuyayeyusha kunaweza kuhitaji sentimita ya ujazo nzima au mbili za kostiki ya molari 2. Mwanafunzi anayeacha kutonea mapema anaandika kwamba mashapo hayayeyuki katika ziada, na kwa kosa hilo anaitaja magnesi badala ya zinki.

Kuna makosa mengine mawili yanayofanana na hilo. Wa kwanza anamimina kostiki yote kwa mkupuo, mashapo yanatokea na kutoweka kabla hajayaona, kisha anaandika kwamba hakuna mashapo. Wa pili anatumia kostiki iliyokaa wazi kwa wiki. Kostiki hufyonza kaboni dioksaidi ya hewani na kugeuka polepole kuwa kabonati, ambayo haina OH za kutosha kuivusha alumini. Na ukinusa amonia wakati unatonea shabu, usishtuke: baadhi ya shabu ya dukani ina amonia badala ya potasi, na matone mawili hivi ya kostiki yatakuwa yamekwenda kwa amonia hiyo.

Kutofautisha zinki na alumini hufanywa kwa myeyusho wa amonia. Zote mbili hutoa mashapo meupe, lakini amonia ikizidi ya zinki huyeyuka na ya alumini hubaki. Hapa vitabu vingi vya mazoezi huacha pengo. Amonia ni besi dhaifu, haiwezi kutoa OH za kutosha kuunda [Al(OH)₄]⁻. Zinki nayo haiyeyuki kwa sababu ya OH. Inayeyuka kwa sababu molekuli za amonia zenyewe huishika, nne kwa kila ioni, na kuunda [Zn(NH₃)₄]²⁺. Majibu mawili yanayofanana kwa jicho, kuyeyuka katika kostiki na kuyeyuka katika amonia, yana njia mbili tofauti kabisa.

Anayetengeneza sabuni nyumbani anakutana na jambo hili bila testityubu. Sufuria ya alumini hudumu jikoni kwa sababu ya utando mwembamba wa oksaidi ulioifunika, usioruhusu maji kuugusa metali. Kostiki huuyeyusha utando huo kwa njia ileile, ikiugeuza kuwa [Al(OH)₄]⁻, na metali iliyobaki uchi inaanza kula maji na kutoa haidrojeni. Sufuria inachemka bila moto, inapata joto, pande zake zinakuwa nyeusi, na inaweza kutoboka. Gramu 9 tu za alumini zikiliwa zote hutoa lita 12 hivi za haidrojeni, gesi inayolipuka ikikutana na jiko la mkaa. Ndoo ya bati nayo imepakwa zinki, kwa hiyo si kimbilio. Kostiki iwekwe katika ndoo ya plastiki nzito au chombo cha chuma kisichoshika kutu.

Hata hivyo, sufuria yenyewe ipo kwa sababu ya kostiki. Karibu alumini yote duniani hutoka kwenye boksiti, udongo mwekundu ambamo alumini imechanganyika na chuma. Mwaustria Karl Josef Bayer, aliyekuwa akifanya kazi Saint Petersburg, hakuwa akitafuta metali. Viwanda vya nguo vilitaka alumini haidroksaidi safi ya kushikiza rangi kwenye pamba. Mwaka 1887 aligundua kwamba myeyusho wa aluminati ukitiwa mbegu, yaani chembe za alumini haidroksaidi iliyokwisha kuganda, kisha ukakorogwa, alumini hujishukia yenyewe juu ya mbegu hizo. Miaka michache baadaye akaonyesha kwamba kostiki ya moto chini ya shinikizo huitoa alumini moja kwa moja kwenye boksiti.

Ujanja wote umo katika chuma. Chuma haidroksaidi haivuki kwenda upande wa chaji hasi, angalau si kwa kiasi cha maana, hivyo kinabaki tope jekundu huku alumini ikiondoka na maji. Boksiti iliyosagwa hupikwa katika kostiki kwenye nyuzi 140 hivi za Selsiasi, au 240 na zaidi kama madini yake ni sugu. Tope huchujwa, myeyusho hupozwa na kutiwa mbegu, na kwa saa nyingi za kukorogwa [Al(OH)₄]⁻ huachia OH yake moja na kuganda. Kabla ya Bayer watu walishusha alumini kwa kupuliza kaboni dioksaidi, ambayo iliigeuza kostiki kuwa kabonati. Kwa mbegu, OH zinazoachiwa ni kostiki ileile, nayo hurudishwa kupika boksiti nyingine.

Njia hii ina adui, nayo ni silika. Udongo wa mfinyanzi umejaa alumini, lakini silika yake huyeyuka pia katika kostiki, kisha huganda tena ikiwa imebeba alumini na sodiamu pamoja nayo, na kiwanda kinapoteza vyote viwili. Hii ndiyo sababu meli hubeba boksiti ya Ginea kuvuka bahari wakati udongo wa mfinyanzi umelala karibu kila mahali.

Na tope jekundu huondoka na kostiki kiasi, hata likioshwa. Tarehe 4 Oktoba 2010, karibu na mji wa Ajka nchini Hungaria, ukuta wa bwawa la tope hilo ulipasuka. Watu 10 walikufa, na wengi waliopona waliungua ngozi, kwa sababu maji yaliyowakuta yalikuwa na pH ya 13 hivi. Waokoaji walimwaga jasi na asidi katika mto Marcal ili kuzishusha OH hizo kabla hazijafika Danube, na samaki wa Marcal walikufa wote.