Jibu la Hasi Mbili

Swali lenyewe ni la mstari mmoja: tafuta integrali ya 1/x² kutoka hasi 1 hadi 1. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni, aliyekwisha kuzoea kanuni, hulimaliza kwa dakika moja. Anatafuta fomula ambayo mwinamo wake ni 1/x², na anaikumbuka mara moja: ni −1/x. Hiyo tuiite fomula mama. Anaweka 1 ndani yake, anapata hasi 1. Anaweka hasi 1, anapata 1. Anatoa la pili kutoka la kwanza, kisha anaandika jibu: hasi 2. Hakukosea kutoa wala hakusahau alama. Hata hivyo jibu si sahihi.

Kosa linaonekana hata bila hesabu ya juu. Grafu ikiwa juu ya mhimili, integrali hupima eneo lililo kati ya grafu na mhimili huo. Namba yoyote isiyo sifuri ikizidishwa kwa yenyewe hutoa chanya, kwa hiyo grafu ya 1/x² haishuki chini ya mhimili mahali popote. Tena, kati ya hasi 1 na 1 kimo chake hakipungui 1 hata mara moja. Mstatili wenye upana wa 2 na kimo cha 1 unaenea wote chini ya grafu, na nafasi inabaki juu yake. Eneo hilo, kama lina kipimo chochote, lazima lizidi 2. Hasi 2 haiwezekani kabisa.

Chanzo cha tatizo kimo katikati ya safari, kwenye sifuri. Hapo namba ya chini ya sehemu, ambayo walimu huiita asili, inakuwa sifuri, na kugawa kwa sifuri hakuna maana. Jirani na hapo mambo yanakwenda mbio: x ikiwa 0.1, kimo cha grafu ni 100, ikiwa 0.01, ni 10,000, ikiwa 0.001, ni milioni moja. Grafu inapaa upande wa kushoto na upande wa kulia wa mstari wima unaopita kwenye sifuri, ikizidi kuukaribia bila kuugusa. Mstari wa namna hiyo huitwa asimptoti wima. Ungekuwa kwenye ncha ya kipande, kwa mfano kama swali lingeanzia 0, wengi wangeushtukia, maana namba ya kuwekwa kwenye fomula ingekuwa sifuri na hesabu ingekwama. Ukiwa katikati hauguswi. Mwanafunzi anaweka 1 na hasi 1 tu, na fomula inamjibu bila kulalamika.

Kwa nini basi kanuni iliyofanya kazi mara mia inashindwa hapa? Kanuni ya kutoa mwisho kwa mwanzo inafanana na kusoma mita ya maji. Usomaji wa mwisho wa mwezi ukitolewa usomaji wa mwanzo hutoa maji yaliyotumika, mradi mita ni ileile muda wote. Mita ikibadilishwa katikati ya mwezi na mpya ikaanzia chini, tofauti ya namba hizo mbili inaweza kuonyesha kwamba nyumba imetumia maji pungufu ya sifuri. Hicho ndicho kinachoipata −1/x. Kutoka hasi 1 kwenda sifuri inapanda bila ukomo: 1, kisha 10, kisha 100, kisha 1,000. Ng'ambo ya sifuri inaibukia chini kabisa, hasi 1,000, na kuanza kupanda tena hadi kufika hasi 1. Imepanda pande zote mbili, ila katikati imeruka kutoka juu isikofikika hadi chini isikofikika, na mruko huo haukuwekwa kwenye hesabu. Kanuni inadai fomula mama iwe imeungana kuanzia mwanzo hadi mwisho wa kipande. Hapa haikuungana.

Jambo hili lina miaka mingi vitabuni. Mfaransa Augustin-Louis Cauchy, katika masomo aliyoyachapisha mwaka 1823 kwa wanafunzi wa École Polytechnique mjini Paris, alitenga somo zima kwa integrali ambazo thamani zake hazina ukomo au haziwezi kuamuliwa. Njia aliyoitumia ndiyo inayofundishwa hadi leo. Mahali palipoharibika panakatwa pembeni kwa nafasi ndogo, kila upande unahesabiwa peke yake, kisha nafasi hiyo inapunguzwa kidogo kidogo na matokeo yanatazamwa yanakokwenda.

Tuifuate kwa 1/x². Upande wa kulia, badala ya kuanzia 0, tuanzie 0.1 hadi 1. Hapo hakuna mruko, kwa hiyo kanuni ni halali: hasi 1 kutoa hasi 10, tunapata 9. Tukianzia 0.01, tunapata 99. Tukianzia 0.001, tunapata 999. Kila tunaposogea karibu na sifuri eneo linaongezeka, wala halielekei kutulia kwenye namba yoyote. Upande wa kulia peke yake umekwisha kutoa hukumu: integrali hii haina thamani ya kikomo. Wanahisabati husema inatawanyika. Upande wa kushoto hauwezi kuiokoa, kwa sababu nao ni chanya na unakua vilevile.

Inafaa kutulia hapa kidogo, maana hesabu hii inaonyesha pia hasi 2 ilitoka wapi. Nafasi iliyokatwa kila upande tuiite e. Upande wa kulia unatoa 1/e kutoa 1. Upande wa kushoto unatoa 1/e kutoa 1. Jumla ni 2/e kutoa 2. Ile hasi 2 imo humo ndani, imesimama mwishoni! Kilichoachwa ni 2/e, sehemu inayokua bila mwisho kadiri e inavyopungua. Mwanafunzi alitupa kitu kisicho na ukomo pasipo kujua kwamba amekitupa, akabaki na salio.

Salio hilo lina heshima yake mahali pengine. Mwanahisabati mwingine wa Ufaransa, Jacques Hadamard, katika kitabu chake cha mwaka 1923 kuhusu milinganyo ya mawimbi, aliweka utaratibu wa kuondoa sehemu inayokua na kubaki na ile inayotulia, akaiita sehemu yenye ukomo. Kwa utaratibu wake, 1/x² kutoka hasi 1 hadi 1 inatoa hasi 2 hasa. Wahandisi wanaohesabu mkondo wa hewa juu ya mabawa ya ndege, au nguvu kwenye ncha ya ufa ndani ya chuma, huitumia njia hiyo. Lakini wao wanajua walichokiondoa, na hawasemi kwamba salio ni eneo.

Kompyuta nayo haimlindi mtu moja kwa moja. Njia rahisi ya kukadiria eneo ni kuligawa katika vipande vyembamba vyenye upana sawa na kupima kimo katikati ya kila kipande. Kwa vipande 10, hakuna kipimo kinachoangukia sifuri, na jibu linatoka takriban 47.35. Mtu akiishia hapo, anaweza kuondoka na namba nzuri, chanya, isiyotia shaka. Akirudia kwa vipande 100 anapata kama 491, na kwa vipande 1,000 anapata kama 4,933. Eneo la kweli lingetulia kadiri vipande vinavyoongezeka. Hili linakua karibu mara kumi kila vipande vinapoongezwa mara kumi, na hiyo ndiyo dalili ya kuaminika kwamba kuna asimptoti ndani.

Hata hivyo si kila asimptoti huharibu integrali. Tuchukue kipeuo cha tatu cha x², halafu tugawe 1 kwa hicho. Nayo inapaa bila ukomo kwenye sifuri, na kwa macho inafanana sana na ile ya kwanza. Lakini fomula mama yake ni mara tatu ya kipeuo cha tatu cha x, na hiyo inapita kwenye sifuri bila kuruka. Tukianzia 0.001 hadi 1 tunapata 2.7. Tukianzia milioni ya moja tunapata 2.97. Namba zinasogea kuelekea 3 na kutulia hapo. Kushoto ni 3 vilevile, na jumla ni 6. Mwanafunzi ambaye hakuona asimptoti naye angeandika 6, akapata alama zote, kisha angeamini kwamba njia yake ni salama. Tofauti kati ya mifano hii miwili ni kasi ya kupaa: nguzo ya pili ni nyembamba kiasi kwamba urefu wake usio na mwisho unabeba eneo dogo.

Kwenye mpaka kati ya aina hizo mbili iko 1/x, na hiyo inadanganya kwa namna yake. Kushoto kwa sifuri iko chini ya mhimili, kulia iko juu, na pande zinalingana. Wengi husema zinafutana na jibu ni 0. Tukikata nafasi sawa kila upande, kweli tunapata 0. Lakini tukikata e upande wa kushoto na 2e upande wa kulia, tunapata kama hasi 0.693, hata e ikiwa ndogo namna gani. Jibu linalobadilika kwa namna ya kukata si thamani ya integrali. Cauchy aliliita lile la nafasi sawa thamani kuu, jina ambalo limebaki, na anayelitumia anapaswa kulitaja.

Katika mtihani, asimptoti haiji ikiwa wazi hivi. Mfano ni integrali ya 1/(x² − 4x + 4) kutoka 0 hadi 3. Asili yake haionyeshi ubaya wowote mpaka igawanywe katika vigawo: ni (x − 2) mara yenyewe, kwa hiyo kwenye 2, ndani kabisa ya kipande, inakuwa sifuri. Anayekimbilia fomula mama anaandika hasi 1.5, eneo hasi la grafu ambayo yote iko juu ya mhimili. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu chochote, asili iwekwe sawa na sifuri, mlinganyo utatuliwe, na kila jibu liulizwe kama linaangukia kati ya mwanzo na mwisho. Hapa jibu ni 2, kipande kinakatwa hapo, na kila upande unakua bila ukomo. Integrali hiyo haina thamani, na hilo ndilo jibu la kuandika.