Utangulizi: Brashi, Wembe na Uso Unaochonyota

Mteja anayeingia dukani kununua brashi ya umeme ya kusafishia uso huuliza kama inafaa ngozi nyeti, na muuzaji humjibu kuwa inafaa, maana kasha limeandikwa hivyo. Kliniki ya ngozi huanza kwingine. Tunamuuliza mgonjwa uso wake umekwanguliwa na nini tena wiki hii. Taulo gumu, dodoki, skrabu yenye chembe, sabuni yenye asidi, krimu ya kuchubua, brashi na wembe vyote vinapunguza tabaka lile lile, na ngozi haiwekei kila kimoja hesabu yake. Nimechagua kumwingiza msomaji katika somo hili kwa mlango huo kwa sababu, kwa maoni yangu, mabishano mengi kuhusu vifaa hivi huisha mara hesabu hiyo inapofanywa.

Tabaka lenyewe ni jembamba kuliko watu wanavyodhani. Juu kabisa ya ngozi ya uso kuna seli zilizokufa, bapa, zimepangana safu kumi na tano hivi, na kwa pamoja unene wake ni kama sehemu moja au mbili za mia za milimita. Daktari Peter Elias wa San Francisco aliueleza muundo huo kama ukuta wa matofali: seli ndizo tofali, na katikati yake kuna mafuta yanayozishika na kuzuia maji ya mwilini yasivuke nje. Brashi ikiondoa tofali chache za juu, hakuna hasara, kwani zingebanduka zenyewe. Ikifika kwenye mafuta yale, ngozi huanza kupoteza maji, na sabuni, manukato na jasho hupenya hadi kwenye ncha za neva.

Ukuta huo hujitengeneza. Kwa kijana mwenye afya, ukikwanguliwa, sehemu kubwa ya kinga hurudi ndani ya siku tatu hivi. Kwa mzee huchukua muda mrefu zaidi. Tabaka zima la juu, kutoka seli inapozaliwa chini hadi inapobanduka, huchukua takribani wiki nne. Msomaji akishika vipimo hivi viwili, siku tatu na wiki nne, ataweza kupanga ratiba ya uso wowote.

Ngozi nyeti nayo ina maana yake. Mwaka 2017 kundi la wataalamu wa kimataifa wanaochunguza mwasho lilikubaliana kuiita hali ya kuhisi kuchonyota, kuungua, kuwashwa au maumivu kutokana na vitu ambavyo kwa kawaida havifanyi hivyo, pasipo ugonjwa wa ngozi unaoelezea hisia hizo. Maana yake ni kwamba daktari anaweza kuutazama uso na asione kitu. Kipimo cha zamani, kilichoelezwa na Frosch na Kligman mwaka 1977, ni kupaka asidi ya maziwa iliyozimuliwa pembeni mwa pua na kumuuliza mtu anahisi nini. Wengine hawahisi lolote. Wengine husema panachonyota hata kabla dakika chache hazijapita.

Lakini wengi wanaotuambia wana ngozi nyeti wana jambo jingine. Wapo wenye ukurutu, wenye mba ya uso inayokaa pembeni mwa pua na kwenye nyusi, na wenye rosasea. Huu wa mwisho hupita bila kutambuliwa kwa watu weusi, kwa sababu vitabu hufundisha kutafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi utafute joto linalopanda usoni, kuchonyota, na vipele vidogo mashavuni na puani. Halafu wapo waliotumia mkorogo. Krimu zenye steroidi kali kama klobetasoli hufanya ngozi iwe nyembamba, ing'ae, ionyeshe mishipa, na iungue kwa jua la asubuhi. Uso wa namna hiyo haupaswi kuguswa na brashi wala wembe, hata uwe mpole kiasi gani. Unahitaji daktari, na mara nyingi miezi.

Sasa tuitazame brashi. Iliyoipa umaarufu ni kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 2001 na wavumbuzi waliotoka kwenye mswaki wa umeme wa Sonicare, akiwemo David Giuliani. Brashi yao, Clarisonic, iliingia sokoni mwaka 2004, L'Oréal ikainunua kampuni hiyo mwaka 2011, na mwaka 2020 ikaifunga. Ubunifu wake ulikuwa kwenye kichwa: duara la ndani la nyuzi lilitikisika huku na huku zaidi ya mara mia tatu kwa sekunde, na duara la nje lilitulia, hivyo ngozi ilinyumbulishwa kati ya hayo mawili badala ya kuburutwa. Saa yake ilizima mashine baada ya dakika moja: sekunde ishirini kwa paji la uso, ishirini kwa pua na kidevu, kumi kwa kila shavu.

Hiyo dakika ndiyo iliyosahaulika. Brashi nyingi za bei nafuu huzungusha kichwa upande mmoja kama feni, hazina saa, na mtumiaji huikandamiza akidhani nguvu ndiyo usafi. Jaribio rahisi la kandamizo ni kutazama nyuzi: zikilala ubavu, umezidisha, ncha tu ndizo zinazopaswa kugusa. Brashi za silikoni zina meno mafupi manene, hukwangua kidogo, na hukauka upesi, jambo lenye uzito kwa mtu wa Tanga au Mombasa anayeacha kifaa bafuni penye unyevu siku nzima. Nyuzi za nailoni zisizokauka hufuga vijidudu, nazo zibadilishwe kila miezi mitatu hivi, au mapema zikianza kupinda. Wenye ngozi nyeti ningewaelekeza kwenye silikoni, kama lazima wawe na brashi. Mkono na kisafishaji laini huondoa vumbi, jasho na mafuta ya jua vizuri tu. Brashi hupata hoja yake kwa wanaojipodoa kwa vipodozi vizito kila siku.

Wembe wa uso una hadithi tofauti. Unalenga malaika, zile nywele laini fupi za mashavuni, na watu huuogopa kwa imani kwamba nywele zitarudi nene. Mwanasayansi Mildred Trotter alilipima jambo hilo mwaka 1928 kwa wanaume walionyolewa, akakuta kunyoa hakubadili unene wala kasi ya kuota. Ncha iliyokatwa butu ndiyo inayokwaruza kidole na kuleta dhana hiyo. Kinachosahauliwa ni kwamba wembe huondoa pamoja na malaika safu za seli zilizokufa, na ndiyo maana uso hung'aa baadaye. Kwa hiyo unaingia kwenye hesabu ile ile.

Wembe unaofaa una makali mamoja na kinga ndogo yenye meno juu yake. Ngozi huvutwa kwa vidole vya mkono wa pili, wembe hulazwa nyuzi arobaini na tano hivi, na miburuzo huwa mifupi kuelekea chini, kila sehemu mara moja. Warembaji hupenda uso mkavu ili waone malaika vizuri. Kwa uso unaochonyota ningetanguliza jeli isiyo na manukato, hata kama kuona kutapungua. Vidonda vya homa, chunusi zenye usaha na mahali penye ukurutu huachwa. Anayepaka krimu ya retinoidi aipumzishe siku kadhaa kabla na baada.

Kidevuni mambo hubadilika. Nywele nene zilizojikunja, kwa mwanamume au mwanamke, zikikatwa karibu mno hurudi ndani: nyingine hutoka kisha hujipinda na kuchoma ngozi ya jirani, nyingine hutoboa ukuta wa kishimo chake kabla hazijatoka. Mashine zenye nyembe mbili au tatu huzidisha hali hiyo, kwa kuwa wembe wa kwanza huvuta unywele na wa pili huukata chini ya usawa wa ngozi. Matokeo ni vipele, kisha madoa meusi yanayokaa miezi, na kwa wenye asili ya makovu yanayotuna, uvimbe wa kudumu. Huko wembe uwekwe chini, itumike mashine ya kupunguzia inayoacha urefu wa milimita moja hivi. Na mwanamke ambaye nywele hizo zimeanza kuongezeka huku hedhi ikipotea au kuchelewa apimwe homoni kwanza.

Tumchukue mtu wa mfano, mwanamke wa miaka ishirini na sita anayefanya kazi benki Dar es Salaam. Amenunua brashi ya nyuzi inayozunguka, anaitumia asubuhi na jioni pamoja na sabuni yenye asidi ya salisili, na kila Jumamosi ananyoa malaika. Wiki ya kwanza uso ulikuwa laini. Wiki ya tatu maji ya bomba yanamchonyota, jasho la daladala linamuunguza, mashavu yanavuta na kung'aa kama yamepakwa plastiki. Anajiambia ana ngozi nyeti. Hesabu yake inasema vingine: uso umekwanguliwa mara kumi na nne kwa brashi na mara moja kwa wembe kila wiki, na asidi kila mara, wakati ukuta unaomba siku tatu.

Tunamwondolea kila kitu kwa wiki nne. Anaosha kwa mkono na kisafishaji kisicho na povu jingi wala manukato, anapaka krimu isiyo na harufu, na mafuta ya kukinga jua mchana. Kuchonyota kukiisha ndani ya muda huo, tumejua tatizo lilikuwa vifaa. Kukibaki, tunatafuta ugonjwa.

Kwake kumeisha. Sasa anajaribu upya kwa shavu la kulia pekee: sekunde kumi za brashi ya silikoni, jioni, kila siku ya nne, bila asidi. Shavu la kushoto linaoshwa kwa mkono. Anatazama vitu vitatu: kama maji yanachonyota, kama ngozi inavuta zaidi ya nusu saa baada ya kuoshwa, na kama kuna doa jeusi jipya. Doa huja kwa kuchelewa, hata wiki mbili baada ya msuguano ulioliamsha, kwa hiyo hatoi hukumu kesho yake; anangoja wiki nne nyingine. Wembe hauingii kabisa katika kipindi hiki, maana akichanganya hatajua kipi kimemdhuru. Mashavu mawili yakilingana mwishoni, brashi haina madhara kwake, wala faida anayoiona, na ni yeye wa kuamua kama inastahili nafasi bafuni. Ndipo wembe unapojaribiwa, mara moja tu kwa wiki nne, jioni ambayo brashi haiguswi siku tatu kabla na siku tatu baada.