Bambo la Babu

Nyuma ya nyumba moja ya Frere Town, mna chumba kidogo cha mawe ambacho wenyewe hukiita ghala. Mahindi yaliyomo hayakulimwa mtaani. Hayo huletwa kwa gari kutoka shamba la familia upande wa Kilifi, baada ya mavuno ya masika. Safari hii yalikuwa magunia manane, nayo ndiyo sima ya watu saba mpaka msimu mwingine.

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, babu wa nyumba hiyo huingia ghalani na mjukuu wake wa miaka kumi. Mzee aliwahi kufanya kazi katika bohari la nafaka, na amebaki na bambo lake, ule mwiba mnene wa chuma wenye mfereji ambao huchomwa guniani ukatoa punje bila kufungua mdomo wa gunia. Mtoto huchoma kila gunia mara tatu, juu, kati na chini, akamimina punje katika ungo. Kisha hutia mkono nyuma ya gunia kusikia kama lina joto, maana wadudu wakiwa wengi nafaka hupata joto yenyewe.

Jumamosi tatu za mwanzo ungo ulikuwa safi.

"Babu, basi hamna fukusi," akasema mtoto, akitamani kwenda kucheza.

"Hatujamwona. Yeye yumo ndani ya punje."

Akamweleza. Fukusi jike hutoboa punje kwa mdomo wake mrefu kama mkonga, akatia yai moja, kisha akaliziba tundu kwa utando unaofanana na ganda la hindi lenyewe. Buu huzaliwa humo na kula humo, na kwa joto letu la pwani hutoka akiwa fukusi kamili baada ya wiki tano hivi. Wengine huanza kuingia mahindi yakiwa bado shambani. Kwa hivyo gunia linaloonekana zima siku ya kuletwa laweza kuwa limebeba kizazi kizima, na anayekagua mara moja kwa mwezi huenda akakuta wa kwanza wamekwisha kutoka na kutaga tena.

Sasa kulikuwa na gunia moja lililoegemea ukuta, na mbele yake mawili mengine. Kulifikia kulitaka nguvu. Mtoto aliliruka Jumamosi mbili, akamwambia babu yake kuwa yote ni salama. Juma la sita mzee mwenyewe alilivuta. Bambo lilitoka na unga.

Katika ungo walikuwamo wadudu tisa weusiweusi, wasiotikisika. "Hawa wamekufa, Babu." Mzee akamwambia angoje. Haukupita muda, mmoja akanyoosha miguu akaanza kutembea. Fukusi akiguswa hujifanya maiti.

Wakahesabu punje 100. Zenye tundu zilikuwa 14. Wakazitia zote katika bakuli la maji, zikaelea 22, na 8 kati ya hizo hazikuwa na tundu lolote. Mzee akapasua moja kwa ukucha: buu jeupe, limejikunja. Mtoto hakusema neno kwa kitambo, kisha akakiri kuwa hakuligusa gunia lile. Hakukaripiwa. Alipewa kazi ya kulivuta nje.

Mahindi yale yalianikwa juu ya turubai, mbali na ghala, maana fukusi wazima hukimbia jua na wangerudi ndani. Jua halikuwafikia mabuu yote, na kwa hivyo mama wa nyumba aliamua, kwa haki, kwamba gunia hilo lichekechwe, zitupwe punje mbovu, lisagwe na kuliwa kwanza. Mengine yaliyokuwa makavu na safi yalihamishiwa katika mifuko isiyopitisha hewa, yenye nailoni mbili ndani ya kiroba, ikajazwa, ikakamuliwa hewa na kufungwa kila tabaka peke yake. Humo fukusi hufa kwa kukosa pumzi.

Mifuko hiyo haichomwi bambo, wala haifunguliwi kila wiki, kwani hewa ikiingia kazi inaanza upya. Hukaguliwa kwa nje: tundu la panya, mchaniko, au unga chini yake. Unga mwingi sana humtia mzee wasiwasi wa dumuzi, mdudu aliyeingia Kenya kupitia upande wa Taveta miaka ya 1980, ambaye huweza kutoboa hata nailoni.

Mifuko sasa imekaa juu ya vichaga vya mbao, dhiraa moja kutoka ukutani, kiasi cha mtoto kupita ubavu. Jumamosi iliyopita nilimkuta huko nyuma na tochi, akipapasa sakafu. Alikuwa ameanzia ukutani.