Thamani ya Hisa Imo Katika Pengo

Anayenunua hisa na kukaa nayo bila kuiuza hutia mfukoni kitu kimoja tu, nacho ni gawio. Mwaka 1938 Mmarekani John Burr Williams alijenga hoja juu ya ukweli huo: thamani ya hisa ni jumla ya magawio yote yajayo, kila moja likipunguzwa kulingana na muda wa kulisubiri. Lakini magawio hayo hayana mwisho, na hakuna awezaye kuyakadiria moja baada ya jingine. Kuna njia ya mkato, ambayo leo inaitwa kwa jina la mchumi Myron Gordon, aliyeieneza miaka ya 1950. Tukichukulia kwamba gawio litakua kwa kasi ileile kila mwaka, hesabu yote inakuwa mstari mmoja:

Thamani = gawio la mwaka ujao ÷ (faida inayodaiwa − kasi ya ukuaji)

Faida inayodaiwa ni ile ambayo mwekezaji anaitaka ili akubali kubeba hatari ya hisa. Wengi huanza na riba ya hatifungani za serikali za muda mrefu, kisha huongeza kiasi fulani kwa ajili ya hatari. Tuseme hatifungani inalipa asilimia 12, nawe unaongeza 4. Unadai asilimia 16.

Sasa tuchukue kampuni ya kubuni iliyotoka kulipa gawio la shilingi 200 kwa hisa, na tunatarajia gawio hilo likue kwa asilimia 6 kila mwaka. Mwaka ujao italipa shilingi 212. Toa 6 kwenye 16, inabaki asilimia 10. Gawanya 212 kwa asilimia 10, unapata shilingi 2,120.

Mchambuzi mwingine, mwenye matumaini kidogo zaidi, anasema ukuaji utakuwa asilimia 8. Thamani inapanda hadi shilingi 2,700. Wa tatu anasema 10, nayo inafika takriban 3,670. Akija wa nne na 12, hisa ileile ina thamani ya shilingi 5,600. Kila mmoja ameongeza asilimia 2 tu juu ya mwenzake, lakini kila hatua ni ndefu kuliko iliyotangulia. Sababu ni kwamba tunagawanya kwa pengo lililo kati ya viwango viwili, na pengo hilo likizidi kusinyaa, jibu huruka. Ukuaji ukilingana na faida inayodaiwa, pengo ni sifuri na hesabu haina jibu tena.

Upande wa pili nao una nguvu hiyohiyo. Tubaki na ukuaji wa asilimia 6. Riba ya hatifungani ikipanda, nawe ukaanza kudai asilimia 18, thamani inashuka hadi karibu shilingi 1,770, ingawa kampuni haijabadilika hata kidogo. Ukidai 14, inapanda hadi 2,650.

Je, kasi ya ukuaji tuitoe wapi? Si kwenye ndoto. Kampuni hukua kwa faida inayoibakiza. Kampuni yetu inapata shilingi 400 kwa hisa, inagawa nusu na kubakiza nusu, na mtaji wa wanahisa unazalisha asilimia 12. Nusu ya 12 ni 6, na hiyo ndiyo kasi yake. Ikitaka kukua kwa asilimia 9, lazima ibakize robo tatu ya faida, na gawio lishuke hadi shilingi 100. Hesabu inakuwa 109 gawanya kwa asilimia 7, yaani takriban shilingi 1,560. Ukuaji umeongezeka, thamani imepungua! Ni kwa sababu kila shilingi iliyobakizwa inazalisha asilimia 12, wakati mwenye hisa anadai 16.

Kuna mpaka mwingine pia. Hakuna kampuni inayoweza kukua milele kwa kasi kuliko uchumi mzima, maana mwisho wake ingeumeza. Na kama faida unayodai imebeba mfumuko wa bei, ukuaji nao uubebe. Kwa kampuni changa isiyolipa gawio, au ile ambayo gawio lake hupanda na kushuka, kanuni hii haifai.

Kwa hiyo itumie kinyumenyume. Hisa hiyo ikiuzwa sokoni kwa shilingi 3,000 nawe ukidai asilimia 16, bei hiyo inasimama tu kama gawio litakua kwa asilimia 8.75 kila mwaka bila kikomo. Kampuni inayobakiza nusu ya faida yake na kuzalisha asilimia 12 haiwezi kufika huko. Mtu akikuletea makadirio ya bei ya hisa, muulize kwanza ameweka pengo la asilimia ngapi. Likiwa chini ya 4 au 5, usinunue kabla hajakuonyesha ukuaji huo unatoka wapi.