Soko Gani ni la Asili?

Wanafunzi wawili, tuwaite Neema na Otieno, wamepewa kazi katika somo la nadharia: waandike mazungumzo wakibishania kama soko ni jambo la asili kwa binadamu.

Neema anaanza na Adam Smith, Mskoti aliyeandika mwaka 1776 kwamba binadamu ana hulka ya kubadilishana vitu.

“Ushahidi tunao hapa hapa Kenya,” anasema. “Kabla ya ukoloni, wanawake wa Kikuyu walibeba nafaka hadi kwa Wamaasai, wakarudi na ngozi na mifugo. Hata pande mbili zilipokuwa na uhasama, wanawake hao waliachwa wapite. Ni serikali gani iliyowatuma?”

“Hakuna, dada,” anajibu Otieno. “Lakini wao waliuza mazao. Mimi nauliza kuhusu soko la kazi, ambapo mtu huuza nguvu zake kwa mshahara. Walowezi walipofika walikosa vibarua, kwa sababu watu walikuwa na mashamba na mifugo yao. Tangu mwaka 1901 serikali ya kikoloni ikatoza kodi ya nyumba, na baadaye ikataka ilipwe kwa fedha taslimu. Mwaka 1913 Gavana Henry Belfield alisema wazi kwamba kodi ndiyo njia ya kumtoa Mwafrika kwake akafanye kazi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kikaja kipande, cheti ambacho wanaume walikivaa shingoni. Aliyemtoroka mwajiri alisakwa na kuadhibiwa. Kitu cha asili kingehitaji hayo yote?”

“Lakini wengi walilipa kodi kwa kuuza mbuzi na mahindi. Hulka ya kubadilishana ilikuwepo.”

“Ndiyo, na kwa hiyo walowezi wakadai kodi ipandishwe. Walitaka mikono, si mahindi.”

Hapo ndipo ubishi wao unapofunguka. Neema anazungumzia kubadilishana vitu, Otieno anazungumzia mfumo ambao riziki yenyewe hutegemea kupata wa kukuajiri. Mwaka 1944 Karl Polanyi, mwanazuoni mzaliwa wa Vienna, alitofautisha mambo hayo mawili. Alieleza kwamba kazi, ardhi na fedha ni bidhaa za kubuni tu, kwa kuwa hakuna kati yake iliyotengenezwa ili iuzwe. Kazi ni maisha ya mtu, na ardhi ni sehemu ya maumbile. Ili viuzwe kama magunia ya nafaka, lazima dola itunge sheria na kuzisimamia.

Kwa maoni yangu, Neema ana haki kuhusu biashara ya wale wanawake, lakini historia ya soko la kazi nchini Kenya inamuunga mkono Otieno. Kwa hiyo, ukisikia mshahara duni ukitetewa kwa kusema kwamba soko ndivyo lilivyo, uliza ni soko gani hilo, nani aliliwekea kanuni, na kwa faida ya nani. Kanuni zilizotungwa na watu zinaweza kubadilishwa na watu.