Katibu anaposahihisha tarehe ya ibada

Picha ya ratiba ya Ijumaa Kuu mara nyingi hutengenezwa kwa kutumia ile ya mwaka uliopita, na tarehe ya zamani husahaulika humo. Mwaka 2025 siku hiyo ilikuwa Aprili 18. Mwaka 2026 ni Aprili 3. Kalenda hulifichua kosa mara moja: Aprili 18, 2026 ni Jumamosi.

Katibu wa kamati anaweza kumwandikia kijana anayejitolea hivi:

“Bwana Yesu asifiwe, mwanangu. Kamati inakushukuru kwa kazi hii. Palipoandikwa ‘Ijumaa, Aprili 18’, tafadhali weka ‘Ijumaa, Aprili 3, 2026’. Tarehe hiyo ipo juu na pia chini, karibu na namba ya sadaka. Saa na mengine yote yabaki. Nitumie kwanza mimi niihakiki kabla ya kuisambaza.”

Barua inataja maneno yaliyopo, yanayotakiwa na mahali yalipo, kwa hiyo kijana habahatishi. Picha mpya ikitumwa kwenye makundi, iandikwe “Imesahihishwa”, kwa sababu ile ya zamani tayari imo kwenye simu za waumini.