Pengo la Utafiti Haliko Kwenye Ramani

Katika mapendekezo ya utafiti ya wanafunzi wa uzamili kuna sentensi inayojirudia sana: "Hakuna utafiti uliofanyika kuhusu suala hili katika wilaya yetu." Sentensi hiyo yaweza kuwa kweli tupu, na bado isioneshe pengo lolote. Kama wilaya hiyo haitofautiani na nyingine katika jambo ambalo nadharia inalijali, basi jibu linalotarajiwa ni lile lile lililokwisha kupatikana kwingine, na kamati ina haki ya kuuliza fedha za kwenda huko zinatafuta nini. Pengo lenye uzito huanzia mahali pengine: pale nadharia inapotoa majibu mawili yanayopingana, au pale inapodai jambo ambalo ushahidi uliopo hauwezi kulithibitisha wala kulikanusha.

John Swales, mtaalamu wa isimu aliyechambua tangulizi za makala za kitaaluma, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1990 kwamba mwandishi mzoefu hupita hatua tatu. Kwanza huonesha uwanja anaoufanyia kazi, kisha huonesha mahali palipo wazi ndani ya uwanja huo, halafu huingia hapo mwenyewe. Wengi hufundishwa hatua hizo darasani na kuzikariri. Shida iko katikati, katika njia ya kutoka uwanja mpana hadi mahali palipo wazi. Nitaifuata njia hiyo kwa mfano mmoja: tozo ya miamala ya simu iliyoanza Tanzania tarehe 15 Julai 2021.

Tuchukue mwanafunzi wa uchumi anayetaka kujua tozo ile iliwafanya nini watu wa vijijini. Rasimu yake ya kwanza inaanza na umaskini duniani, inashuka Afrika, inaingia Tanzania, inaeleza historia ya simu za mkononi, kisha inatangaza kwamba athari za tozo katika wilaya yake hazijachunguzwa. Inaonekana inashuka kutoka juu kwenda chini, lakini kinachopungua ni ukubwa wa eneo tu. Wazo lenyewe halijasogea. Msomaji anafika ukurasa wa tatu bila kuambiwa ni kwa nini tozo iguse maisha ya mkulima kwa njia moja badala ya nyingine.

Mwanzo unaofaa ni mpana kwa wazo. Katika uchumi wa maendeleo kuna nadharia ya kusaidiana wakati wa majanga: kaya za kijiji zikisaidiana kikamilifu, basi ukame au ugonjwa unaoipata kaya moja haupaswi kupunguza chakula cha kaya hiyo kuliko unavyopungua cha kijiji kizima. Robert Townsend aliijaribu nadharia hiyo kwa takwimu za vijiji vitatu vya India katika makala ya mwaka 1994. Alikuta kwamba matumizi ya kaya yalifuatana zaidi na wastani wa kijiji kuliko na kipato cha kaya yenyewe, ingawa kinga hiyo haikuwa kamili. Hapo mwanafunzi ana aya yake ya kwanza, na tayari imebeba mambo mawili atakayoyapima mwishoni, yaani janga na matumizi ya kaya.

Aya ya pili inauliza kwa nini kinga haikamiliki, na hapa kazi tangulizi zinaanza kufanya kazi ya kweli. Joachim De Weerdt na Stefan Dercon walitumia takwimu za Nyakatoke, kijiji cha kaya 119 mkoani Kagera, ambako kila kaya iliulizwa inaweza kumtegemea nani kwa msaada, ndani au nje ya kijiji. Makala yao ya mwaka 2006 inatuonesha kwamba swali la kijiji kizima halitoshi. Msaada hupita kwa watu wanaojuana, ndugu, jirani na rafiki, kwa hiyo ni lazima tujue mtandao wa kila kaya. Mtandao ukiwa na watu wa mbali, jambo la tatu linaingia, nalo ni gharama ya kufikisha msaada. Mjomba aliyeko Mwanza anaweza kuwa na nia na fedha, lakini nauli ya kumtuma mtu au hatari ya kumpa dereva bahasha ikamrudisha nyuma.

Ndipo aya ya tatu inapoleta simu. William Jack na Tavneet Suri, katika makala ya mwaka 2014, waliangalia kaya za Kenya baada ya M-Pesa kuanza mwaka 2007. Kaya zisizotumia huduma hiyo zilipopatwa na janga, matumizi yao yalishuka kwa takriban asilimia 7. Kwa kaya zilizoitumia, hakukuonekana kushuka. Emma Riley akaja mwaka 2018 na takwimu za Tanzania, akachunguza majanga ya mvua yanayopiga kijiji kizima, akakuta waliokuwa na huduma ya fedha kwa simu ndio waliokingika. Majirani zao wasioitumia hawakufaidika. Maelezo ya matokeo haya ni kwamba gharama ya kutuma ikishuka, msaada unafika kutoka mbali.

Tazama namna kila kazi iliyotajwa ilivyofunga mlango mmoja na kufungua mwembamba zaidi. India ilitupa swali, Nyakatoke ikatuonesha njia ambayo msaada unapita, na Kenya na Tanzania zikatuonesha kinachotokea njia hiyo inapokuwa rahisi. Utangulizi dhaifu hutaja kazi hizo hizo kwa mtindo wa "fulani alisema, fulani naye akasema", na ukizipanga upya hakuna kinachoharibika. Hicho ni kipimo kizuri cha kujikagua: badilisha nafasi za aya mbili. Kama maandishi bado yanasomeka sawasawa, hoja haikuwa ikisogea.

Sasa pengo. Ushahidi wa Kenya na wa Riley ulikusanywa wakati gharama ya kutuma fedha ilikuwa ikishuka, au ilikuwa imekwisha kushuka. Mwaka 2021 serikali ya Tanzania iliipandisha ghafla. Tozo ilikuwa kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala wa kutuma au kutoa, kulingana na kiasi, juu ya makato ya kawaida ya kampuni. Je, kilichojengwa na kushuka kwa gharama hubomolewa na kupanda kwake? Nadharia inaruhusu majibu mawili. La kwanza ni kwamba msaada utapungua, kwa kuwa mtumaji hupima gharama kila anapotuma. La pili ni kwamba hautapungua, kwa kuwa mtandao ukishazoeleka watu hutafuta njia ya kuulinda: watatuma mara chache kwa kiasi kikubwa zaidi, au watarudi kwenye bahasha ya basi. Majibu yote mawili yana mantiki, na tafiti zilizotajwa haziwezi kuamua kati yake. Hapo ndipo palipo wazi.

Mwanafunzi angeweza kuliandika hivi: "Tafiti zilizotangulia zinaonesha kuwa kushuka kwa gharama ya kutuma fedha huimarisha kinga ya kaya dhidi ya majanga. Hazioneshi kama kinga hiyo hudumu gharama inapopanda, kwa sababu ziliangalia kipindi ambacho gharama hizo hazikupandishwa." Sentensi hizi hazidai kwamba hakuna aliyewahi kuandika kuhusu tozo, dai ambalo mjumbe mmoja wa kamati anaweza kuliangusha kwa kutaja ripoti moja. Zinadai kitu chembamba kinachoweza kukaguliwa kwa kuzisoma makala zenyewe. Kabla ya kuziandika bado ni wajibu kutafuta kama kuna aliyejibu swali hilo hilo baada ya 2021. Akipatikana, pengo linasogea, na utangulizi unapaswa kusogea nalo.

Lakini pengo lililo wazi si lazima lipimike, na hapa ndipo naona mapendekezo mengi mazuri yakikata pumzi. "Utafiti huu utachunguza athari za tozo kwa kinga ya kaya" ni nia tu, kwa kuwa hakuna matokeo yanayoweza kuikanusha. Nadharia tete lazima iseme nani, lini, akilinganishwa na nani, na kipi kikionekana tutakubali kwamba tumekosea. Kulinganisha kabla na baada ya Julai 2021 peke yake hakutoshi, maana kipindi hicho kilikuwa pia na athari za Uviko-19, na bei na biashara zilikuwa zikibadilika kwa sababu nyingine nyingi. Matumizi ya chakula yakishuka, tutajuaje ni tozo?

Jibu linatoka katika aya ya pili, na ndiyo maana aya hiyo ilihitajika. Tozo inamgusa anayesaidiwa kutoka mbali kuliko anayesaidiwa na jirani anayempa fedha mkononi. Basi tuzichukue kaya zinazotumia simu kwa fedha na kuzigawa mara mbili: zile ambazo wasaidizi wao wakuu wanaishi kijiji hicho hicho, na zile ambazo wasaidizi wao wako mbali. Nadharia tete inakuwa: "Baada ya Julai 2021, kaya zilizopigwa na ukame na zinazotegemea wasaidizi wa mbali zilipunguza matumizi ya chakula zaidi kuliko kabla ya tozo, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko ile ya kaya zinazotegemea wasaidizi wa karibu." Kama makundi yote mawili yameshuka sawa, tozo haielezi kushuka huko. Kama kinga ya walio mbali haikutikisika, jibu la pili la nadharia ndilo lenye nguvu. Kila tokeo lina maana, na mwanafunzi hatabaki mikono mitupu.

Utangulizi pia unapaswa kugusa, kwa sentensi mbili au tatu tu, kama jambo hili linawezekana. Ofisi ya Taifa ya Takwimu imekuwa ikifuatilia kaya kupitia utafiti wa jopo ulioanza 2008/09, lakini mwanafunzi anatakiwa akague kama awamu anazozitegemea zina tarehe za mahojiano pande zote mbili za tozo, na kama maswali yake yanatosha kumwonesha msaada umetoka wapi. Yasipotosha, itabidi akusanye mwenyewe taarifa za mtandao wa kila kaya. Hapo atategemea watu kukumbuka walichotumiwa zamani, na kumbukumbu hufifia. Udhaifu huo usemwe mapema, kwa sababu msimamizi makini ataufikia kabla ya ukurasa wa pili wa sura ya mbinu.

Ukaguzi wa mwisho ni rahisi kuliko yote. Chukua kila neno zito lililo ndani ya nadharia tete: janga, matumizi ya chakula, umbali wa wasaidizi, gharama ya kutuma. Rudi nyuma uone kila moja lilipotajwa kwa mara ya kwanza. Kama "umbali" umezuka katika aya ya mwisho bila kutajwa popote juu, msomaji atahisi umechomekwa, na atakuwa na haki. Kinyume chake pia hufanyika. Ukikuta aya nzima ya historia ya kampuni za simu ambayo haina neno hata moja kati ya hayo, ifute, hata kama imekuchukua wiki kuiandika.

Mfano wetu una zawadi moja zaidi. Septemba 2021 serikali ilipunguza tozo kwa asilimia 30, na katika bajeti ya 2022/23 kiwango cha juu kikashushwa kutoka shilingi 7,000 hadi 4,000. Kama gharama ndiyo iliyodhoofisha kinga, basi kinga ya kaya zenye wasaidizi wa mbali inapaswa kurudi hatua kwa hatua kadiri tozo ilivyoshuka. Hayo ni matarajio ya pili kutoka nadharia ile ile, nayo yanatosha kuwekwa katika sentensi ya mwisho ya utangulizi, mara tu kabla ya malengo ya utafiti.